Makmende Alizaliwa Mkahawani

Loretta ni mhudumu katika mkahawa mmoja huko San Francisco. Mteja wake wa kila siku ni inspekta wa polisi anayekunywa kahawa isiyo na maziwa wala sukari. Leo Loretta ameshika chombo cha sukari na anamimina ndani ya kikombe cha inspekta bila kukoma, huku amemkazia macho. Inspekta anasoma gazeti, haoni. Anatoka na kikombe chake, na akipiga funda la kwanza huko nje anatema. Hapo ndipo anapong'amua kwamba mle ndani mna majambazi, na kwamba Loretta alikuwa akimwita kwa sukari.

Anarudi kupitia mlango wa nyuma. Risasi zinalia. Anabaki jambazi mmoja, aliyemkaba Loretta na kumwekea bastola kichwani. Inspekta anamsogelea, amemwelekezea mtutu wa bastola yake kubwa, na kwa sauti ya chini, meno yamekazana, anamwambia maneno machache ambayo kwa Kiswahili maana yake ni hii: haya, thubutu, unifurahishe. Jambazi anamwachia Loretta.

Filamu hiyo ni Sudden Impact, iliyotoka Desemba 1983. Inspekta ni Harry Callahan, aliyeigizwa na Clint Eastwood, ambaye ndiye pia aliyeiongoza. Skripti iliandikwa na Joseph Stinson. Kwa Kiingereza maneno yale, nikiyaandika jinsi sikio linavyoyapokea, ni "go ahed, meik mai dei". Machi 1985 Rais Ronald Reagan wa Marekani aliyatumia hadharani kuwatisha wabunge waliotaka kupandisha kodi: kalamu yake ya kura ya turufu i tayari, basi wathubutu. Mwaka huohuo jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kumkinga mwenye nyumba anayetumia nguvu dhidi ya aliyemvamia nyumbani, na watu wakaibandika sheria hiyo jina la maneno yayo hayo. Lakini safari inayonigusa mimi ni nyingine, ile iliyofika mitaa ya Nairobi, ambako maneno yale yaliacha kuwa sentensi yakawa mtu. Mtu huyo akaitwa Makmende.

Aliyekulia Nairobi enzi za kanda za video hahitaji kuelezwa. Ulikuwa ukivaa miwani ya jua ya baba, ukafunga kitambaa kichwani, ukapanda ukuta na kutangaza kwamba utaruka, lazima mwenzako mmoja chini akuulize: "Unajidai Makmende?" Ukiruka ukaumia, ndiyo ilikuwa sababu ya kuchekwa wiki nzima. Makmende alikuwa yule asiyeshindwa, na kila aliyejaribu kuwa yeye alishindwa. Hatukujua ametoka wapi. Asili inayosimuliwa Nairobi ni kwamba ametoka mdomoni mwa Clint Eastwood, na ukiyachunguza matamshi yenyewe utaona njia aliyopita.

Chukua "meik mai dei". Kwa Mwingereza, uzito wa sauti unaangukia mwishoni, kwenye "dei". Mswahili haweki uzito mwishoni, anauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika kitabu, barabara, hatari. Basi mtoto akiyasema maneno matatu haraka kama neno moja, uzito unarudi nyuma kwenye "mai". Ile "mai" imebanwa katikati, inakuwa "me". Ile "dei" inapoteza mkia wake, inabaki "de". Kisha n inajipenyeza mbele ya d, kwa sababu "nde" ni sauti tuliyoizoea tangu utotoni: ndege, ndevu, tende, upande. Sasa limekaa kama neno lililozaliwa hapahapa: Mak-ME-nde. Hakuna aliyekaa akalipanga. Ni ndimi nyingi ndogo zilizolisugua hadi likalainika.

La kushangaza zaidi ni jinsi maana ilivyohama. Ukiyafasiri maneno yale neno kwa neno unapata "tengeneza siku yangu", kauli isiyomwambia kitu mtoto wa Nairobi. Alichokiona yeye ni kwamba kuna mtu mmoja mwenye bastola asiyeogopa chochote, na kwamba katika dakika ambayo anatisha kuliko wote anatoa sauti fulani. Hiyo sauti ingekuwa nini kama si jina lake? Kwa hiyo kitisho kikageuka kuwa jina la mwenye kutisha. Kwenye vibanda vyetu vya video lilishatokea jambo la namna hiyohiyo. Neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye kioo kabla ya jina la mwigizaji mkuu, mwanzoni mwa filamu, tulilichukua tukalifanya cheo cha mhusika mwenyewe: stelingi. Hadi leo shabiki anayeona gari la mhusika mkuu limeanguka genge zima atakutuliza kwa maneno mawili, stelingi hafi. Ametoa neno kwenye orodha ya majina, akalitungia kanuni.

Hizo ndizo safari. Lakini je, mwandishi wa skripti anaweza kukaa mezani akaamua kwamba sentensi hii itafika mitaani? Kuna mtu mmoja aliyekaribia kuifanya kazi hiyo kama fundi anavyofanya yake, naye ni Ted Kavanagh, aliyekuwa akiandika kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC kilichoitwa It's That Man Again. Kilianza Julai 1939, wiki chache kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kikaendelea hadi Januari 1949. Nyota wake alikuwa Tommy Handley, mchekeshaji kutoka Liverpool.

Shida ya Kavanagh ilikuwa shida ya redio. Katika nusu saa moja alitaka kuleta watu wengi wa ajabuajabu, na msikilizaji hawaoni. Atajuaje aliyeingia ni nani? Suluhisho lake lilikuwa mlango. Unasikia kitasa, mlango unafunguka, na kabla mgeni hajasema jambo lolote la maana anatoa sentensi yake, ileile ya wiki iliyopita, kwa sauti ileile. Mara moja picha inakuja kichwani. Sentensi ilikuwa sura ya mtu asiye na sura. Akimaliza kichekesho chake, mlango unafungwa, naye hayupo tena.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Bi Mopp, mfanya usafi wa ofisi, aliyechezwa na Dorothy Summers. Aliingia na ndoo yake na kumwuliza Handley kitu kama, "Nikushughulikie sasa, bwana?" Alimaanisha kufagia. Msikilizaji alisikia pia lile jingine, na ajabu ni kwamba kitenzi chetu cha kushughulikia kinabeba utani uleule bila kulazimishwa. Mwingine alikuwa Kanali Chinstrap, mlevi mwungwana aliyechezwa na Jack Train. Huyu ndiye anayefundisha zaidi. Kanali alikuwa hasikii jambo lolote ila kinywaji. Mtu akitamka neno lolote linalofanana kwa mbali na jina la pombe, awe anazungumzia hali ya hewa au mizigo ya bandarini, Kanali hudhani amekaribishwa, naye hujibu kwa adabu zote: "Hata sikatai, bwana."

Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyoundwa. Ni fupi kiasi cha kutamkwa kwa pumzi moja. Haitaji jina la mtu, wala mahali, wala kisa cha wiki hii. Inahitaji kitu kimoja tu, kwamba mtu mwingine aseme jambo kabla yake. Ina maana kila mazungumzo duniani ni mlango wake. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeisikia redioni Alhamisi usiku angeweza kuitumia Ijumaa asubuhi mwenzake alipomwomba amshikie nyundo, na wote waliokuwepo wangecheka, kwa sababu wote walikuwa wamesikia kipindi kilekile. Enzi hizo za vita watu walikuwa gizani, madirisha yamefunikwa, redio moja inasikilizwa na nyumba nzima. Sentensi ilipotoka, ilitoka kwa mamilioni kwa pamoja. Aliyeirudia kesho yake hakuhitaji kuieleza.

Hapo kuna jambo ambalo waandishi wachanga wa vichekesho hulikosea, na huniuma kuliona. Hudhani kibwagizo hukamata kwa kurudiwa mara nyingi. Kurudia kunahitajika, lakini kurudia peke yake kunachosha. Kavanagh alirudia sentensi ileile huku akibadilisha kinachoitangulia. Raha ya msikilizaji ilikuwa kukisia: wiki hii ni neno gani litakalomponza Kanali? Anajua jibu litakuwa nini, hajui litafikiwaje. Ukirudia sentensi pamoja na mazingira yake yaleyale, umemnyang'anya msikilizaji kazi ya kukisia, na asiyekuwa na kazi huzima redio. Dalili huwa wazi. Watu wakianza kuitamka sentensi kabla ya mwigizaji huku wanatabasamu, imekamata. Wakiitamka kabla yake huku wanaangalia pembeni, imekwisha.

Na wakati mwingine sentensi haianzii kwenye skripti hata kidogo, ingawa sote tunaapa kwamba ilianzia hapo. Katika kipindi hichohicho alikuwamo mzamiaji aliyeomba kwa sauti ya unyonge asisahauliwe. Handley hakuibuni kauli hiyo. Aliikumbuka kutoka kwa mtu wa kweli, mzamiaji wa mguu mmoja aliyekuwa akijirusha majini kwenye gati la New Brighton, karibu na Liverpool, halafu anawaomba abiria wa feri senti chache. Maneno ya mwomba riziki wa gatini yaliingia kwenye skripti, yakatoka upande wa pili, yakawa ya nchi nzima. Nikifikiria habari hiyo huwa namfikiria yule mzamiaji mwenyewe, aliyelowa, kofia mkononi.

Wako pia waigizaji wanaojaza mahali ambapo mwandishi aliacha wazi. Homer Simpson, yule baba wa katuni ya Marekani, ana mlio wake mmoja anaoutoa kila anapoharibu jambo, ambao kwa tahajia yetu ni "do!" Skripti haikuwa na neno hilo. Ilikuwa imeandikwa tu kwamba hapa kuna mguno wa kuudhika. Dan Castellaneta, anayeitoa sauti ya Homer, alipofika hapo aliazima mlio wa James Finlayson, mzee wa masharubu aliyekuwa akiudhiwa katika filamu za zamani za Laurel na Hardy. Finlayson aliuvuta kwa muda mrefu. Matt Groening, mwenye katuni, alitaka kitu cha haraka, basi Castellaneta akaukata ukawa pigo moja. Mwaka 2001 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliuingiza mlio huo kama neno. Kwenye skripti waliendelea kuandika mguno wa kuudhika. Sisi Waswahili tuna "do!" yetu ya tangu zamani, ile ya "do, salaale!", nayo hutoka pale mtu anaposhtuka. Hazina undugu, ila inaonyesha kwamba mdomo wa binadamu ukipata mshtuko hauna nafasi ya silabi nyingi. Mwandishi aliyejua hivyo aliacha mabano na mguno ndani yake, akamwachia mwigizaji koo lake.

Mhariri wa mwisho huwa ni umma, na mhariri huyo haogopi mtu. Katika filamu ya Casablanca ya 1942, Ilsa anamwomba mpiga piano Sam aupige wimbo fulani wa zamani. Dunia nzima inaikumbuka sentensi hiyo na neno "tena" ndani yake: upige tena, Sam. Hivyo haisemwi popote katika filamu ile. Watu waliongeza "tena" kwa sababu sentensi iliyotoka nyumbani kwake inalazimika kubeba mzigo wake wote yenyewe. Ndani ya sinema unamwona Ilsa, unauona uso wake, unajua kuna mapenzi yaliyopita. Nje ya sinema hayo yote hayapo, na neno moja dogo, "tena", linayabeba: kulikuwa na mara ya kwanza, na ilikuwa tamu. Jina la Sam nalo halikuangushwa njiani, maana ndilo linalomjulisha msikilizaji kwamba maneno haya yametoka kwenye filamu, si ombi la kawaida. Huwa naona watu wakisahihishana kwa ukali juu ya sentensi kama hizi. Mimi naamini umma ulihariri vizuri.

Turudi kwa Makmende, kwa sababu alipitia jambo ambalo vibwagizo vichache hulipitia. Alikuwa ameanza kufifia. Watoto waliomjua walikuwa wamekua, wamepata kazi na familia, na watoto wapya walikuwa na mashujaa wengine. Kwa kawaida hivyo ndivyo kibwagizo kinavyokufa. Handley alipofariki Januari 1949, BBC haikuendelea na kipindi, kwa kuwa bila yeye hakikuwa kipindi, na taratibu sentensi za mlangoni zikakosa wa kuzifungulia. Lile la kuagana kwa herufi nne, TTFN, lililokuwa la Bi Mopp, lilinusurika kwa bahati ya kupata skripti nyingine: simbamarara Tigger wa filamu za katuni za Winnie the Pooh alilidaka, na watoto wengi wanadhani ni lake.

Makmende naye alipata skripti ya pili. Machi 2010 kikundi cha muziki cha Nairobi, Just a Band, kilitoa video ya wimbo wao Ha-He. Waliitengeneza kama filamu ya Kimarekani ya miaka ya 70: nywele za afro, kitambaa kichwani, ngumi, na shujaa mmoja anayewapiga maadui bila kutokwa na jasho. Shujaa huyo walimwita Makmende. Watu walioiona hawakuhitaji kuelezwa, kwa sababu jina lilikuwa limelala vichwani mwao tangu uani.

Kilichotokea mtandaoni ndani ya siku chache kinafanana na kazi ya Kanali Chinstrap. Watu hawakuirudia video tu, walichukua muundo. Unaanza na jina Makmende, kisha unamtajia jambo lisilowezekana alilolifanya, na kila mmoja anajaza la kwake. Wengine walitengeneza majalada ya bandia ya magazeti yenye picha yake. Ikasemwa sana, hata nje ya Kenya, kwamba huyu ndiye mzaha wa kwanza wa Kenya kuenea mtandaoni kwa kasi ya namna hiyo. Naukubali mchango wa mtandao, lakini nashikilia kwamba mtandao haukumwumba. Kama Just a Band wangemwita shujaa wao jina lolote jipya, tungepata video nzuri na wiki mbili za kicheko. Walichofanya ni kuokota neno ambalo ndimi zilikwisha kulifanyia kazi yote, wakalirudishia mwili. Tena ni mwili uleule wa sinema ya Kimarekani ambako lilitoka, ila sasa ukiwa na sura ya Nairobi.

Kwangu mimi, kibwagizo kimeingia kwenye lugha pale kinapotumiwa na mtu ambaye hajaiona wala kuisikia kazi kilikotoka, na anakitumia kwa jambo ambalo halikuwamo humo. Kabla ya hapo ni nukuu. Anayesema "Hata sikatai, bwana" kwa sauti ya Kanali ananukuu. Anayesema hivyo kwa sauti yake mwenyewe, hajui Kanali ni nani, huyo anazungumza. Na Kiswahili kina kipimo kingine cha ziada: je, neno linakubali viambishi vyetu? Mtu akiweza kuulaumu umakmende wa mwanawe bila kujikwaa, basi hata sarufi imekwisha kumpa Makmende kitanda.

Nilikipata kipimo hicho kwa macho yangu ndani ya matatu, jioni, mvua inaanza. Kijana mmoja wa shule alitaka kuruka chini kabla gari halijasimama. Kondakta, ambaye nadhani hakuwa amezaliwa kanda za video zilipokuwa zikizunguka mitaani, alimshika begi la mgongoni.

"Wewe! Unajidai Makmende?"

Kijana alirudi ndani, watu wakacheka. Nilipokaribia kushuka nikamwuliza yule kondakta, "Kijana wangu, huyo Makmende ni nani?"

Alinitazama kama niliyeuliza jua ni nini. "Mzee, humjui Makmende? Ni mtu tu. Alikuwa haambiliki."

"Alikuwa anaishi wapi?"

Alifikiri kidogo, akapiga bodi ya gari mara mbili dereva asimame. "Hapahapa Nairobi. Shuka pole pole, mzee, kuna maji."